Sauti Ina Rangi Gani? Kutatua mkanganyiko wa taswira zinazochanganya hisi

Mwandishi anayesema kwamba sauti ilikuwa nyekundu anamtaka msomaji asikie na aone kwa pamoja. Akifaulu, sauti hiyo hukaa akilini kuliko maelezo ya aya nzima. Akishindwa, msomaji husimama, hurudi mstari mmoja nyuma, na kuanzia hapo anaacha kuifuata hadithi na kuanza kumkagua aliyeiandika.

Michanganyiko ya hisi ni mingi, lakini hapa tutashughulika na mmoja tu, rangi ya sauti, kwa sababu ndio unaovunjika kirahisi zaidi. Mwanaisimu Stephen Ullmann, katikati ya karne ya 20, alichunguza mashairi ya karne ya 19 akaona kwamba maneno ya hisi husafiri kwa mwelekeo unaojirudia. Mguso na ladha hutoa maneno, kusikia na kuona hupokea. Ndiyo maana sauti laini na sauti tamu hazimshtui mtu, ilhali ukiandika "ulaini wenye kelele" msomaji atatafuta kosa la uchapaji. Sasa rangi na sauti zote mbili ziko upande wa kupokea. Hakuna kati yao iliyo karibu na mwili kama ngozi au ulimi, kwa hiyo moja haiwezi kumtegemeza mwenzake mpaka mwandishi atafute kiungo, yaani sifa moja inayopatikana kweli katika hiyo rangi na katika hiyo sauti.

Ili kujua kama kiungo kipo, mpe mtu kifungu akisome, kisha muulize: "Umesikia nini?" Usimuulize kama amekipenda. Mtu akiulizwa kama amependa atakujibu kwa adabu, lakini akiulizwa amesikia nini atakutajia ugonjwa wenyewe bila kujua. Majibu yanayokuja mara kwa mara ni haya yafuatayo, na kila moja lina chanzo chake.

"Rangi hiyo imetoka wapi?"

Hapa msomaji ameelewa kwamba unazungumzia rangi, ameelewa kwamba unazungumzia sauti, ila haoni kwa nini viwili hivi vimekutanishwa. Chanzo cha kawaida ni rangi ya binafsi. Mwandishi amesikia filimbi, akilini mwake ikaja buluu, akaiandika kana kwamba kila mwenye masikio anaiona hiyo buluu.

Hata mabingwa wa sauti hawakubaliani kuhusu jambo hili. Watunzi wawili wa muziki wa Urusi, Nikolai Rimsky-Korsakov na Alexander Scriabin, kila mmoja alikuwa na rangi zake kwa kila ufunguo wa muziki. Katika D meja walikubaliana kwamba ni njano. Katika C meja mmoja aliona nyeupe na mwingine nyekundu. Kama watu wawili waliotumia maisha yao ndani ya muziki uleule walitofautiana hivyo, huwezi kumtegemea msomaji wa Morogoro au Malindi abahatishe rangi iliyo kichwani mwako.

Kuna jambo ambalo watu wengi hukubaliana, nalo ndilo la kushika. Sauti ya juu huhusishwa na mwanga na udogo. Sauti ya chini huhusishwa na giza na ukubwa. Sauti yenye nguvu huhusishwa na rangi iliyokolea, na iliyo dhaifu na rangi iliyopauka. Kumbe makubaliano yapo katika mwanga na ukolevu. Katika jina la rangi yenyewe, kama ni buluu au kijani, hayapo, au yapo kwa udhaifu sana. Waandishi wengi huanza na jina la rangi, na huko ndiko wanakopotea. Amua kwanza kama sauti hiyo ni ya gizani au ya mwangani, imekolea au imepauka, kingo zake ni kali au zimeyeyuka. Jina la rangi lije mwisho, na wakati mwingine lisije kabisa.

Kipimo chake ni kubadilisha. Ondoa rangi uliyoandika, weka nyingine yoyote, usome tena. "Filimbi ililia kwa sauti ya buluu." "Filimbi ililia kwa sauti ya kijani." Kama sentensi haikupungukiwa na chochote, basi hata ile ya kwanza haikuwa na kazi. Sasa jaribu hii: "Filimbi ililia juu, nyeupe, kama jua la saa saba juu ya bati." Weka nyeusi mahali pa nyeupe, sentensi inavunjika papo hapo. Rangi iliyo na kiungo haibadilishiki.

"Nimeona tunda"

Kwa mwandishi wa Kiswahili jibu hili lina uzito wa pekee, na sijaona likishughulikiwa ipasavyo katika vitabu vya fasihi tunavyofundishia.

Sifa za rangi zinazochukua viambishi vya ngeli moja kwa moja ni tatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Hizo ni rangi tupu. Ukisema nyekundu, hutaji kitu kingine. Lakini nyingi katika rangi zilizobaki ni vitu kwanza, rangi baadaye. Kijivu kimetoka kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, njano kwenye manjano ya jikoni, na zambarau ni tunda linaloacha ulimi umebadilika rangi na meno yana ukakasi. Damu ya mzee ndiyo usiseme.

Katika matumizi ya kila siku hili halisumbui. Shati la zambarau ni shati tu, hakuna anayelionja. Shati lina uso, na rangi inakaa juu ya uso huo. Lakini sauti haina uso. Neno "zambarau" likiwekwa kwenye sauti halina pa kutua kama rangi, kwa hiyo akili ya msomaji inarudi kwenye kitu chenyewe. Anapata tunda, na pamoja na tunda anapata ladha, ukakasi, labda hata mti na watoto wanaorusha mawe. Ulitaka kuchanganya hisi mbili, zimekuja nne.

Tiba zipo za namna mbili, na kuchagua kunategemea kama hicho kitu kilichofichwa ndani ya rangi kinakufaa au hakikufai.

Kama kinakufaa, kitumie waziwazi. "Sauti yake ya kijivu" inaacha msomaji nusu rangi, nusu jivu. Kama mzee anayesemwa ana sauti iliyokauka, nyepesi, isiyo na moto tena, basi jivu ndilo hasa unalolitaka, liseme: "Sauti yake ilikuwa kijivu, ya moto uliozimika jana." Rangi, ukavu na wepesi vyote vinatoka kwenye kitu kimoja, na msomaji halazimiki kuchagua.

Kama hakikufai, rudi kwenye zile sifa tatu tupu, au taja mwanga badala ya rangi: sauti iliyofifia, iliyowaka, iliyotanda giza. Buluu nayo inasaidia kidogo, kwa kuwa kwa wasemaji wengi wa leo haifichi kitu ndani yake.

"Kwani ngoma yenyewe ilikuwa nyeusi?"

Huu ni ugonjwa wa sarufi, na ni rahisi kuutibu ukishaujua. Angalia: "sauti ya ngoma nyeusi". Sauti na ngoma zote zinachukua kivumishi cha umbo moja, kwa hiyo nyeusi inaweza kuwa ya yoyote. Msomaji ataipa ngoma, kwa sababu ngoma nyeusi ipo duniani na sauti nyeusi haipo. Hatakuambia kwamba amepotea, maana hakujua kwamba amepotea. Ameona ngoma iliyopakwa rangi na ameendelea mbele. Taswira yako imekufa bila kelele.

Hali inazidi kuwa mbaya rangi inapokuja na kiunganishi cha -a. Katika "sauti ya filimbi ya kijani" kuna "ya" mbili zinazofanana, na filimbi ndiyo inayochukua rangi. Pale ala inapokuwa ya ngeli nyingine, upatanisho unakuokoa: "sauti ya kinanda nyeusi" haiwezi kuwa na maana kwamba kinanda ni cheusi. Hata hivyo sikio la msomaji linakwaruzwa kidogo, anadhani umekosea upatanisho.

Weka rangi mara tu baada ya sauti: "sauti nyeusi ya ngoma". Au itoe rangi nje ya kundi la jina kabisa, uifanye kitenzi au kauli yake yenyewe: "Ngoma ililia, na mlio wake ulikuwa mweusi." Kwa neno "mlio" unapata faida ya ziada. Linachukua m-, halichanganyiki na ngoma wala filimbi, na kivumishi chake kinajulikana ni chake.

"Huyo mwimbaji ana roho mbaya?"

Nyeupe na nyeusi zimebeba mizigo ya maana. Moyo mweupe, siku nyeusi, roho nyeusi: hizo ni hukumu, si rangi. Ukiandika kwamba mtu alikuwa na sauti nyeusi, msomaji anaweza kuruka hisi zote akaenda moja kwa moja kwenye tabia. Inatosha kuweka karibu yake neno moja la mwili au la kipimo ili kumrudisha sikioni: "sauti nyeusi, ya chini, inayoanzia kifuani". Neno "chini" ndilo linalofanya kazi. Likishasomwa, weusi unakuwa wa kina, na hukumu inaondoka.

"Nimesikia sauti, basi"

Jibu hili lina maana kwamba mchanganyiko upo kwenye karatasi lakini haukufika. Sauti tamu, sauti nzito, sauti nyembamba, sauti kavu, maneno makali, maneno machungu: zote ni michanganyiko ya hisi, na zote zimesemwa mpaka zikawa maelezo ya kawaida. Nzito ya sauti leo ina maana ya kuwa chini tu. Hakuna anayefikiria mizani.

Kiswahili kimeenda mbali zaidi. Kitenzi kusikia hakikukaa sikioni peke yake. Tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia utamu. Msemaji wa lugha hii anazaliwa ndani ya mchanganyiko, kwa hiyo mwandishi anayedhani amefanya jambo jipya kwa kusema mtu "alisikia harufu" hajafanya lolote. Hatari inakuja pale utata wa kitenzi unapokutana na jina lenye utata pia. Tutaiona hiyo kwenye udi hivi punde.

Wengi hutibu ufu huu kwa kuongeza nguvu: sauti tamu inakuwa tamu kama asali, au tamu kupindukia. Haisaidii. Asali nayo imekufa zamani. Linalosaidia ni kuuliza utamu huo ulifanya nini. Uliisha ghafla au ulibaki? Ulikinaisha? "Sauti tamu" haina uhai. "Sauti tamu mpaka ubeti wa tatu, kisha ikaanza kukinaisha" ina ulimi ndani yake tena, kwa sababu kukinai ni jambo la mdomo na tumbo na msomaji analijua.

Na hapa ndipo penye hoja ninayoiamini kuliko zote katika jambo hili. Kiswahili kina vitenzi vinavyoishi katika hisi mbili au tatu kwa haki kamili, na vitenzi hivyo vinabeba rangi ya sauti vizuri kuliko kivumishi chochote. Chukua kukolea. Rangi imekolea, chumvi imekolea, ngoma imekolea, hata usingizi umekolea. Hakuna kati ya hizo inayosikika kuwa ya ajabu. Chukua kufifia: taa inafifia, sauti inafifia, rangi inafifia, harufu inafifia. Kutanda kunafaa wingu, giza na kimya. Kuhanikiza kunafaa harufu iliyoenea nyumba nzima, na kunafaa kelele zinazofunika sauti nyingine zote.

Mwandishi anayesema "sauti ilikolea" hajamwambia msomaji rangi gani. Amemfungulia nafasi ambamo rangi, ladha na sauti zote zinaruhusiwa. Baada ya hapo akitaja rangi, rangi inakuta mlango uko wazi. Mpangilio huu, kitenzi cha pande mbili kwanza na rangi baadaye, unaondoa sehemu kubwa ya mikanganyiko niliyoitaja juu.

Kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: udi

Tuchukue sentensi ya aina inayopatikana sana katika miswada ya hadithi fupi za pwani. Tuseme mhusika ameingia ukumbini Unguja, kikundi cha taarabu kinaanza kupiga:

"Alisikia udi ya zambarau ukijaa ukumbini, tamu na mweusi, ukinukia huzuni."

Muulize msomaji amesikia nini, naye atajibu kwamba kuna mtu anafukiza. Na ana haki. Udi ni ala ya nyuzi, na udi ni kijiti cha manukato kinachofukizwa chetezoni. Kusikia kunafaa harufu sawa na sauti. Kujaa ukumbini kunafaa moshi kuliko muziki. Kunukia kumefunga hesabu. Kila neno, likichukuliwa peke yake, linaweza kutetewa. Yakiwa pamoja yanasukuma upande usiotakiwa. Zambarau imeleta tunda, tamu imelithibitisha tunda, mweusi haijulikani ni wa nini, na upatanisho wenyewe umeyumba kati ya "ya" na "u-", dalili kwamba hata mwandishi hakuwa na hakika anazungumzia sauti au ala.

Hatua ya kwanza ni kuacha taswira zote na kuandika kilichosikika kwa maneno makavu. Udi hupigwa kwa kudonoa nyuzi, na nyingi kati ya nyuzi zake zimepangwa mbilimbili. Tumbo lake ni la mbao, la mviringo, na shingo yake haina vizuizi vya kugawa noti, kwa hiyo kidole kinaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Sauti yake huanza kwa mdonoo unaosikika wazi, kisha mwili wa noti, halafu noti hufa haraka. Hapo inatofautiana na fidla, ambayo upinde unaweza kuishikilia sauti kadiri mpigaji anavyotaka. Uzi mnene hutoa sauti ya chini.

Hatua ya pili ni kuchagua. Katika yote hayo, lipi lilimgusa mhusika? Tuseme ni ile hali ya noti ya chini kuanza ikiwa imejaa na kufa kabla ya inayofuata. Basi tuna sifa mbili zinazofanana kweli na rangi: uchini, ambao ni giza, na kufa haraka, ambako ni kufifia. Huzuni inaachwa. Noti ikisikika vizuri, msomaji ataipata huzuni mwenyewe, na kama hakuipata, kuitaja kusingemsaidia.

Hatua ya tatu ni vitenzi. Mwanzo wa noti unapewa kukolea, mwisho unapewa kufifia. Hapo tayari tunayo: "Sauti ikatoka imekolea, kisha ikafifia." Hiyo peke yake ni sentensi nzima, na kwa hadithi nyingi ingetosha.

Hatua ya nne ni kuuliza kama jina la rangi linaongeza kitu. Zambarau ya mwandishi haikuwa mbaya. Ilikaa mahali pabaya. Tunda hilo likiiva sana linakaribia weusi bila kuufikia, na hilo linafanana na noti ya chini ambayo si kelele ya ngoma. Basi tunalitumia tunda waziwazi, kwa ajili ya uivaji wake, na tunanyamazia ladha:

"Mpigaji aligusa uzi mnene wa udi. Sauti ikatoka imekolea, zambarau iliyoiva mpaka kukaribia weusi, kisha ikafifia kabla uzi wa pili haujaguswa."

Neno "uzi" limewekwa mwanzoni kwa makusudi, ili moshi usiingie tena. "Alisikia" imeondolewa, na hakuna kilichopotea. Zambarau imekuja baada ya kukolea, imefuatwa na kuiva, na sasa haibadilishiki: weka njano pale, na "kukaribia weusi" inakuwa upuuzi. Hisi zilizomo ni mbili, kuona na kusikia. Ladha iko karibu, lakini haikuitwa.

Itatokea mwandishi aseme kwamba ukumbini palikuwa na chetezo kweli, na harufu ni sehemu ya usiku ule. Vema, aiandike, lakini katika sentensi yake, na kwa neno "chetezo" au "ubani" badala ya udi: "Chetezo kilikuwa mlangoni, na harufu yake ilikwisha kuhanikiza baraza." Aiweke kabla ya muziki kuanza. Msomaji akifika kwenye uzi wa kwanza, pua imeshapata haki yake na sikio liko huru.

Anayesikia ni nani?

Wakati mwingine kiungo kipo, sarufi iko sawa, vitenzi vimechaguliwa vizuri, na bado msomaji anasema kifungu kinajionyesha. Mara nyingi sababu ni kwamba hakuna mtu ndani ya hadithi anayesikia hivyo. Rangi imetoka kwa mwandishi, ikapita juu ya vichwa vya wahusika wote.

Mpe rangi hiyo mtu mwenye sababu ya kuiona. Mvuvi anajua kwamba maji juu ya mchanga ni ya kijani hafifu, na kwamba kadiri chombo kinavyoelekea kilindini ndivyo maji yanavyoiva buluu mpaka kukaribia weusi. Kwake rangi ni kina, na kina ni jambo analolipima kila siku. Akisikia ngoma kubwa ya harusi akaiita sauti ya kilindi, nyeusi, hakuna msomaji atakayeuliza imetoka wapi. Na kitoto cha ngoma kinachojibu juu yake kinaweza kuwa maji ya kijani ya ufukweni bila maelezo zaidi. Mshonaji angetumia nguo, na mpishi mafuta yanayobadilika kikaangoni. Ila usiwape wote watatu rangi zao katika ukurasa mmoja, maana hapo msomaji ataanza kuhesabu ufundi wako.

Kuna pia mahali ambapo mkanganyiko wenyewe ndio unaotakiwa: mhusika mwenye homa kali, mtu anayezinduka kutoka usingizi wa dawa hospitalini. Hapo hisi zinaruhusiwa kumwagikiana, lakini msomaji aambiwe kwanza kwamba mtu huyu anaumwa. Homa ikitajwa kabla, sauti ya mlango inaweza kuwa nyekundu na chungu kwa pamoja, naye ataifuata. Homa ikitajwa baadaye, atakuwa amekwisha kuamua kwamba mwandishi amekosea.

Panapotokea tendo la haraka, ugomvi au ajali, mimi huondoa rangi zote za sauti. Kuunganisha hisi mbili kunamchukua msomaji muda kidogo, na katika sentensi hizo muda huo hana. Tanakali inatosha: puu, chubwi, paa.

Katika ushairi wa mizani

Kwenye shairi lenye mizani kumi na sita kwa mshororo, tatizo kubwa ni nafasi. "Sauti ya zambarau" inakula mizani nane, kipande kizima, na mtunzi hubaki bila pa kuweka kiungo. Matokeo yake ni rangi iliyoning'inia, na msomaji wa shairi huwa mvumilivu kwa sababu anadhani kuna fumbo.

Gawa kazi kati ya vipande viwili. Kitenzi kikae katika ukwapi, rangi ikae katika utao:

*Sauti imekolea, zambarau ya usiku*

Ni nane kwa nane. Kituo kilicho katikati kinampa msomaji nafasi ya kusikia kwanza, ndipo aone. Neno "usiku" linaipeleka zambarau kwenye giza na kuiondoa mtini. Ukigeuza, rangi ikatangulia, ukwapi utaleta tunda na utao utakuwa na kazi ya kulifukuza. Mizani itatimia, lakini msomaji atakuwa ameshaonja. Kama vina vinakulazimisha kugeuza hivyo, badilisha kina cha kati kabla hujaligusa neno kukolea.